Fedha Kutoka Ng'ambo: Zikae kwa Shilingi au kwa Fedha za Kigeni?



Mji wa Mwanza una udugu na mji wa Würzburg, nchi ya Ujerumani, tangu mwaka 1966. Kuna na vijana wetu wengi waliotoka Ukerewe, Sengerema, Magu na Misungwi ambao sasa wanafanya kazi Ulaya, Arabuni na Amerika. Kwa hiyo si ajabu siku hizi kusikia kwamba kikundi fulani cha kijijini, au mzee fulani, ameambiwa, "Nipe namba ya akaunti, nikutumie hela."

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Akienda benki anaulizwa, "Unataka akaunti ya shilingi au ya fedha za kigeni?" Jirani anamwambia, "Weka dola, shilingi inaanguka kila siku." Mwingine anamwambia, "Achana na dola, watakukata mpaka ziishe."

Nani anasema kweli? Katika toleo hili tutaifuata fedha hiyo tangu inapotumwa mpaka inapofika mkononi. Tukijua njia yake, jibu tutaliona wenyewe.

MFANO WETU

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama kumi na wawili wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe. Wanaanika mchangani. Dagaa wa mchangani huchanganyika na mchanga, na bei yake huwa ndogo kule Mwaloni Kirumba. Wanataka kujenga vichanja vya miti na nyavu.

Marafiki wa Ujerumani wamekubali kuwasaidia yuro 2,000. Yuro ndiyo fedha ya Ujerumani na ya nchi nyingi za Ulaya. Kazi itafanyika mara mbili. Sasa hivi watajenga vichanja vya kwanza kwa shilingi milioni mbili. Baada ya miezi sita watajenga vilivyobaki, pamoja na banda la kuhifadhia.

Bei za fedha tutakazozitaja katika mfano huu ni za kujifunzia hesabu tu. Bei ya siku yenyewe utaikuta kwenye ubao wa benki.

FEDHA INASAFIRIJE?

Watu wengi wanadhani noti zinapakiwa kwenye ndege. Sivyo. Benki ya Ujerumani inaandika ujumbe kwenda benki ya Tanzania, kusema, "Mpe huyu kiasi hiki." Mara nyingi benki hizo mbili hazina hesabu ya pamoja. Basi ujumbe unapitia benki ya tatu, ambayo zote mbili zinaweka fedha kwake. Sisi tutaiita benki ya njiani.

Kama vile mtu wa Ukerewe anayetuma mzigo kwenda Geita: mzigo unapita Mwanza mjini, na mpagazi wa Mwanza naye anataka ujira wake. Benki ya njiani nayo hukata ujira. Benki yako ya hapa nayo yaweza kukata kidogo fedha inapoingia.

Mtumaji anapojaza fomu kule kwake, anaulizwa nani atalipa makato hayo. Kwenye fomu kuna maneno matatu mafupi. OUR maana yake mtumaji atalipa makato yote. SHA maana yake mtumaji analipa ya benki yake, na mpokeaji anakatwa yaliyobaki. BEN maana yake mpokeaji anakatwa yote.

Kikundi chetu kilitumiwa kwa SHA. Tuseme benki ya njiani ilikata yuro 20, na benki ya hapa ikakata yuro 10. Yaliyofika ni yuro 1,970. Hakuna aliyeiba. Lakini mhazini asiyejua jambo hili atasimama mbele ya wenzake na kuulizwa, "Yuro 30 ziko wapi?" Ni vizuri aombe benki karatasi inayoonyesha makato, aiweke kwenye faili la kikundi.

MAELEZO YA KUMPA MTUMAJI

Mtumaji anahitaji mambo manne: jina la akaunti, namba ya akaunti, jina la benki na tawi, na namba ya SWIFT ya benki.

Namba ya SWIFT ni anwani ya benki duniani. Kwa kweli ni herufi, si namba tu. Ya benki ya NMB ni NMIBTZTZ. Ya benki ya CRDB ni CORUTZTZ. Herufi nne za kwanza ni za benki, na mbili zinazofuata, TZ, ni za Tanzania. Usiiandike kwa kukumbuka. Iombe benki ikuandikie kwenye karatasi.

Kuna jambo linalowasumbua sana watumaji wa Ulaya. Fomu zao huuliza namba iitwayo IBAN. Tanzania haitumii IBAN. Mtumaji asibuni namba wala asiache kutuma. Achague fomu ya kutuma nje ya Ulaya, aandike namba ya kawaida ya akaunti na ile ya SWIFT.

Jina nalo ni kitu cha kuangalia. Liandikwe kama lilivyo benki, neno kwa neno. Kama cheti cha usajili kinasema "Kikundi", mtumaji asiandike "Umoja". Wala asiandike jina la mwenyekiti. Jina na namba visipolingana, fedha yaweza kukaa ikisubiri maelezo, au kurudishwa ilikotoka. Ikirudi, makato yaliyokwisha kukatwa hayarudi.

Fedha ya kawaida hufika kwa siku chache za kazi. Ikichelewa zaidi ya juma moja, usiende benki mikono mitupu. Mwombe mtumaji hati ya kutuma kutoka benki yake. Ndani yake kuna namba ndefu ya ufuatiliaji iitwayo UETR. Kwa namba hiyo benki inaweza kuona fedha imekwama wapi. Bila hiyo utaambiwa tu, "Haijafika."

NANI ANAIGEUZA FEDHA?

Sasa tunafika kwenye kiini cha habari. Yuro zimefika. Lakini fundi wa vichanja anataka shilingi. Lazima mtu azigeuze. Swali ni nani atazigeuza, lini, na kwa bei gani.

Kwenye ubao wa benki utaona bei mbili. Moja ni bei ya kununua, nyingine ya kuuza. Hapo mwenye duka ni benki. Bei ya kununua ni ile ambayo benki inanunua yuro zako. Ndiyo inayokuhusu wewe unayepokea. Siku zote ni ndogo kuliko ya kuuza. Tuseme benki inanunua yuro moja kwa shilingi 2,750 na inaiuza kwa shilingi 2,900. Shilingi 150 za katikati ndizo faida ya benki. Kwa hiyo kila mara fedha inapogeuzwa, kuna kipande kinachobaki njiani.

Ukiwa na akaunti ya shilingi, benki inageuza yenyewe siku ile fedha inapoingia, kwa bei yake ya siku hiyo. Wewe huulizwi. Kikundi chetu kingepata:

yuro 1,970 mara shilingi 2,750, ni shilingi 5,417,500.

Ukiwa na akaunti ya yuro, yuro zinaingia zikiwa yuro. Zinakaa hapo mpaka wewe mwenyewe uamue siku ya kuzigeuza.

Lakini sikilizeni, jamani. Wengi wakisikia "akaunti ya fedha za kigeni" wanafungua ya dola, hata kama fedha inatoka Ujerumani. Hapo fedha itageuzwa mara mbili: kwanza yuro kuwa dola, halafu dola kuwa shilingi. Tuseme sokoni yuro moja ni dola 1.15, lakini benki iliyogeuza ilitoa dola 1.12 tu. Yuro 1,970 zitakuwa dola 2,206 na senti. Halafu benki ya hapa inanunua dola kwa shilingi 2,400. Tunapata:

dola 2,206 mara shilingi 2,400, ni shilingi 5,294,400.

Toa hizo kwenye shilingi 5,417,500. Kikundi kimepoteza shilingi 123,100. Fundi wa vichanja angezitumia kununulia miti.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: fedha ya kigeni ipokelewe kwenye akaunti ya fedha ileile, au ya shilingi. Yuro kwa yuro, dola kwa dola. Usiipitishe kwenye fedha ya tatu.

Njia ya simu ni tofauti. Mtu wa ng'ambo akikutumia kwenye simu, hela inakufikia ikiwa shilingi tayari. Kugeuza kumeshafanyika. Hapo mtumaji asiangalie ada tu, aangalie na bei ya kugeuzia. Kampuni moja yaweza kusema, "Hatutozi ada," kumbe bei yake ya kugeuzia ni mbaya. Aulize swali moja: "Nikitoa yuro 100, mama atapokea shilingi ngapi?" Kampuni inayotoa shilingi nyingi zaidi ndiyo rahisi.

JE, TUZIWEKE ZISUBIRI?

Zamani swali hili halikuwepo kwa mwananchi wa kawaida. Fedha za kigeni zilikuwa chini ya udhibiti wa serikali, na aliyezipata alipaswa kuzipeleka benki. Mambo yalibadilika kwa Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992. Maduka ya kubadilisha fedha yakaanza, na wananchi wakaruhusiwa kuwa na akaunti za fedha za kigeni katika benki za hapa nchini.

Anayesema shilingi inaanguka hasemi uongo. Shilingi yetu ilipoanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita shilingi 2,600.

Lakini tazameni kilichotokea baadaye. Oktoba 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 2,700. Katikati ya Desemba mwaka huohuo ilikuwa chini ya shilingi 2,450. Aliyeweka dola mwezi Oktoba ili "zipande" aliona zimeshuka ndani ya majuma machache. Mwezi Mei 2025 dola ilikaribia tena shilingi 2,700. Oktoba 2025 ikawa imeshuka tena chini ya 2,500.

Kwa miaka mingi, shilingi imeshuka. Kwa miezi michache, yaweza kwenda huku au kule. Na fedha ya kikundi chetu inasubiri miezi sita tu, si miaka thelathini.

HESABU YA MIEZI SITA

Kikundi chetu kina akaunti ya yuro. Kinageuza yuro 730 sasa hivi kwa shilingi 2,750. Kinapata shilingi 2,007,500 za kazi ya kwanza. Zinabaki yuro 1,240.

Kama kingezigeuza zote leo, yuro 1,240 zingekuwa shilingi 3,410,000. Tuiite hesabu hii ya leo.

Kikiziacha, benki inakata ada ya akaunti. Tuseme ni yuro 2 kila mwezi. Kwa miezi sita ni yuro 12. Zitabaki yuro 1,228. Sasa tuone mambo matatu yanayoweza kutokea.

Jambo la kwanza: bei haikubadilika. Yuro 1,228 mara 2,750 ni shilingi 3,377,000. Kikundi kimepungukiwa shilingi 33,000 kwa sababu ya ada tu.

Jambo la pili: yuro imepanda ikawa shilingi 2,890. Kikundi kitapata shilingi 3,548,920. Ni faida ya shilingi 138,920 kuliko hesabu ya leo.

Jambo la tatu: yuro imeshuka ikawa shilingi 2,475. Kikundi kitapata shilingi 3,039,300. Ni hasara ya shilingi 370,700.

Je, bei ifike wapi ili kikundi kisipate hasara wala faida? Gawanya 3,410,000 kwa 1,228. Utapata karibu 2,777. Yuro isipopanda kwa shilingi 27 hivi, kusubiri kutakuwa kumeleta hasara.

Kwa hiyo kabla ya kuweka fedha za kigeni, iulize benki: ada ya mwezi ni kiasi gani? Kiasi cha chini cha kubakiza ni kiasi gani? Kutoa noti za kigeni kunatozwa nini? Ada ni ileile hata akaunti ikiwa na kidogo. Yuro 12 kwenye yuro 1,240 ni kama moja katika mia. Yuro 12 kwenye yuro 100 ni kumi na mbili katika mia. Ndiyo maana fedha ndogo haifai kukaa kwenye akaunti ya namna hiyo. Inaliwa na ada.

TAZAMA UNACHOKWENDA KUNUNUA

Sasa twaweza kuwajibu wale majirani wawili. Kila mmoja ana sehemu ya kweli. Tofauti inatokana na kitu ambacho fedha itanunua.

Kikundi chetu kitanunua miti, kitalipa mafundi, kitalipa gari la kubeba mchanga. Vyote hivyo vina bei za shilingi. Fundi hapandishi ujira asubuhi kwa sababu yuro imepanda Ulaya. Ikiwa yuro itashuka, kikundi kitapungukiwa fedha, lakini ujira wa fundi utabaki uleule. Banda litakosa paa. Kwa kazi kama hiyo ni salama kugeuza mapema, na kuweka shilingi zisubiri. Tena kuna akaunti za shilingi za muda maalumu zinazotoa riba. Akaunti za fedha za kigeni mara nyingi hutoa riba ndogo sana, au hazitoi kabisa.

Lakini tuseme wavuvi wa mwalo huohuo wametumiwa dola ili baada ya miezi sita wanunue injini ya mtumbwi. Injini haitengenezwi Tanzania. Inatoka Japani au nchi nyingine. Dola ikipanda, bei ya injini dukani nayo hupanda. Ikishuka, mwenye duka naye aweza kupunguza, ingawa hupunguza polepole. Hapo dola zikikaa dola, zinakwenda pamoja na bei ya injini. Aliyegeuza mapema anaweza kukuta shilingi zake hazitoshi tena.

Ni vivyo hivyo kwa mzazi anayeweka akiba ya kulipa karo ya mtoto nje ya nchi. Akigeuza dola kuwa shilingi, halafu shilingi kuwa dola tena, atauza kwa bei ndogo na kununua kwa bei kubwa. Aziache dola zilivyo.

Basi kanuni ya pili ni hii: fedha ikae kwa aina ya fedha itakayolipia kazi yenyewe. Kazi ya shilingi, weka shilingi. Kazi ya bei ya ng'ambo, fedha ya kigeni yafaa, kama ni nyingi kiasi cha kuishinda ada.

SHERIA YA KULIPA

Mwezi Machi 2025 serikali ilitoa kanuni mpya kuhusu matumizi ya fedha za kigeni. Kanuni hizo zinakataza kutaja bei au kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Kwa hiyo hata ukiwa na akaunti ya dola, huwezi kumlipa mwenye duka la injini wa Mwanza kwa dola. Utazigeuza kwanza, kisha utalipa shilingi.

Jambo hili linawahusu pia akina mama wa dagaa. Kirumba wanafika wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Mnunuzi akitoa noti za dola, usizipokee. Mwambie aende benki au duka la kubadilisha fedha lenye leseni, kisha akuletee shilingi. Utakuwa umeepuka kosa la kisheria, na umeepuka noti bandia.

Kanuni hizo hazikufuta akaunti za fedha za kigeni. Kupokea fedha kutoka nje na kuziweka bado ni ruksa.

KABLA YA KIKUNDI KUAMUA

Kikundi chetu kilifanya mkutano. Walichora mistari miwili kwenye ubao. Upande mmoja waliandika vitu vya bei ya shilingi, upande wa pili vitu vinavyotoka ng'ambo. Upande wa shilingi ulijaa. Upande wa ng'ambo zilikuwepo nyavu tu. Wakaamua kugeuza yuro zote, kununua nyavu mapema kabla ya kitu kingine, na kuweka shilingi za banda kwenye akaunti ya muda wa miezi sita. Waliandika uamuzi huo katika kitabu cha mkutano, ili baadaye yuro ikipanda mtu asimlaumu mhazini.

ZOEZI

1. Mtoto wako aliye Muskati anakutumia dola 150. Benki inanunua dola kwa shilingi 2,400. Utapata shilingi ngapi, kama benki imekata dola 10 kwanza?

2. Utazitumia kununua mahindi na kulipa kibarua. Je, zikae dola au shilingi? Kwa nini?

3. Kama ada ya akaunti ya dola ni dola 2 kwa mwezi, zikikaa mwaka mzima zitapungua dola ngapi?

Majibu: 1. Dola 140 mara 2,400, ni shilingi 336,000. 2. Shilingi, kwa sababu mahindi na kibarua vina bei ya shilingi. 3. Dola 24. Katika dola 140 zitabaki 116.